Wasifu wa Safu Moja na Jinsi Programu ya Kuchuja Inavyousoma

Faili la kawaida la PDF halihifadhi safu. Ndani yake mna mafungu ya herufi, na kila fungu lina vipimo vinavyoonyesha likae wapi kwenye ukurasa. Jicho la msomaji huona nafasi nyeupe katikati, likatambua kwamba ukanda mwembamba wa kushoto ni habari moja na sehemu pana ya kulia ni nyingine. Programu ya kuchuja maombi ya kazi hulazimika kukisia hilo kutokana na vipimo. Kwanza huyatoa maandishi yote kwa mfululizo, kisha hutafuta vichwa vya sehemu kama elimu na uzoefu, ndipo ijaze jina, simu, cheo, mwajiri na tarehe katika kumbukumbu za mwajiri. Hatua ya kwanza ikikosewa, zinazofuata haziwezi kusahihisha.

Mfano mzuri ni wasifu, yaani CV, wa mhasibu msaidizi uliotengenezwa kwa kiolezo cha safu mbili: ujuzi kushoto, uzoefu kulia. Programu inayosoma mstari kwa mstari hadi ukingo wa ukurasa hupata haya:

```
UJUZI UZOEFU WA KAZI
Excel Mhasibu Msaidizi
QuickBooks Kampuni ya usafirishaji, Mwanza
Kiswahili 03/2019 – 07/2022
```

Hakuna neno lililopotea, lakini maana imevunjika. Kichwa cha kwanza ni mchanganyiko wa viwili, kwa hiyo huenda kisitambuliwe kabisa. Cheo kimekuwa "Excel Mhasibu Msaidizi", na tarehe zimejibandika kwenye lugha. Mwajiri akitafuta mtu mwenye uzoefu wa miaka mitatu, mwombaji huyu anaweza kuonekana hana hata mmoja.

Kuusahihisha wasifu huo si suala la kusogeza safu tu. Njia salama ni kunakili maneno bila mapambo, kuyabandika katika hati mpya ya Word na kuyapanga upya kutoka juu kwenda chini. Visanduku vya maandishi viachwe, kwa kuwa Word huvihifadhi kando na aya za kawaida na baadhi ya programu huviruka. Jina na simu navyo viondolewe kwenye kijajuu na kuwekwa mwanzoni mwa ukurasa wenyewe. Kijajuu hukaa katika sehemu nyingine ya faili, na programu isiyokifungua humwona mwombaji asiye na jina. Hasara hii ni kubwa kuliko zote, na kuiepuka ni kazi ya dakika moja.

Picha ndogo ya simu ibadilishwe iwe neno "Simu". Vipau vinavyoonyesha kiwango cha ujuzi kwa rangi havina maandishi yoyote ndani. Mahali pake paandikwe kwa maneno, kwa mfano "Excel: kulinganisha taarifa za benki". Vichwa viwe vile vilivyozoeleka, na viandikwe kwa lugha ya tangazo la kazi. Kichwa cha kishairi kama "Safari Yangu" hakimo katika orodha ambayo programu inaitafuta. Baada ya hapo sehemu ile ile inasomeka hivi:

```
UZOEFU WA KAZI
Mhasibu Msaidizi
Kampuni ya usafirishaji, Mwanza
03/2019 – 07/2022
```

Uhakiki haufanywi kwa kutazama ukurasa. Hati ikishahifadhiwa kama PDF, faili hilo lifunguliwe, maandishi yote yachaguliwe kwa Ctrl+A, yanakiliwe na kubandikwa katika Notepad. Yakitoka matupu, faili ni picha tu, kama inavyotokea wasifu unaposkaniwa. Miraba mahali pa herufi ni dalili kwamba fonti ina kasoro. Mwandishi wa Kiswahili aangalie hasa maneno kama "afisa" na "ofisi", kwani fonti nyingine huunganisha f na i kuwa alama moja, na neno likatoka na pengo. Mwenye kompyuta iliyowekewa pdftotext anaweza kupima kwa undani zaidi:

```
pdftotext -raw wasifu.pdf -
pdftotext -layout wasifu.pdf -
```

Amri ya kwanza huyatoa maneno kwa mpangilio uliohifadhiwa ndani ya faili. Ya pili hufuata yanavyoonekana kwenye ukurasa. Katika wasifu wa safu mbili, mara nyingi matokeo hutofautiana. Yakifuatana sawasawa katika zote mbili, programu haina tena cha kukisia.

Zipo programu mpya zinazozitenganisha safu vizuri, lakini mwombaji kwa kawaida hajui mwajiri anatumia ipi. Mpangilio wa safu moja pia hauongezi sifa ambazo mwombaji hana. Unachofanya ni kuzifikisha zilizopo bila kuchanganywa. Pale tovuti ya mwajiri inapojaza fomu yenyewe baada ya kupokea faili, kila nafasi isomwe kabla ya kutuma, tarehe na majina ya waajiri hasa, kwa sababu fomu hiyo inaonyesha wazi kile programu ilichoelewa.