Fundi na Chupa ya Mchanga

Mwashi mmoja mzee wa hapa Utende hashiki mwiko kabla hajaujua mchanga wake. Lori likishamwaga, huzunguka lundo, akazamisha mkono hadi ndani na kuchota kidogo huku, kidogo kule. Uso wa lundo hauchoti. Mvua ikinyesha huuosha, tope likashuka chini, na anayepima mchanga wa juu hujidanganya.

Kisha huomba chupa ya kioo, iliyonyooka ubavu wote. Hutia mchanga hadi karibu nusu, huongeza maji ya kisima mpaka robo tatu, na chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu lita. Chumvi hiyo ina kazi. Chembe za udongo mfinyanzi ni ndogo mno, na katika maji matupu huweza kuelea hata siku nzima; chumvi huzifanya zigandamane, zikazama. Hufunga chupa, huitikisa kwa nguvu dakika moja, huigonga taratibu mchanga ulale sawa, kisha huiweka kivulini pasipopita mtu. Mchanga hutua mara moja. Tope hutua baadaye, likatandika juu ya mchanga tabaka laini lenye rangi yake. Huiacha chupa kwa saa 3.

Nimemwona akipima kwa rula ya mtoto wa shule. Mchanga ulikuwa sentimita 8, na tope juu yake sentimita 1.2, yaani asilimia 15 ya kimo cha mchanga. Mafundi wengi huweka mpaka kwenye asilimia 8 hivi, na kwa chupa ile tope lisingepaswa kufika hata milimita 7. Kipimo hiki ni cha kimo tu. Tope lililotua hujaa maji, likaonekana jingi kuliko uzito wake, kwa hiyo mchanga uliozidi kidogo unastahili kupimwa tena kabla ya kukataliwa. Ule ulikuwa umezidi karibu maradufu. Akaukataa.

Kibarua alishangaa, maana mchanga wenye udongo ni mtamu kwa mwiko. Lipu yake huteleza, hushika ukutani bila kudondoka. Lakini saruji inapaswa kuishika punje ya mchanga yenyewe, na punje iliyovikwa udongo haishikiki: ni sawa na kupaka rangi ukuta wenye vumbi. Tena chembe hizo laini hunywa maji mengi. Fundi huona mchanganyiko mkavu, akaongeza ndoo. Maji yale ya ziada yakikauka, huacha vitundu vitupu ndani ya lipu. Udongo nao hunywea ukikauka na kuvimba ukilowa, masika baada ya masika. Kwanza huja nyufa nyembamba kama wavu. Ukigonga ukuta kwa kidole unasikia uwazi ndani. Mwishowe lipu hubanduka vipande, na ukiisugua kwa kiganja inatoka unga.

Wengine hujaribu kuponya mchanga mchafu kwa kuongeza saruji. Saruji ikizidi, lipu hunywea zaidi, na nyufa huzidi. Dawa ni kuuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, au kuurudisha. Na chupa haioni kila kitu: mchanga wa ufukweni hutulia msafi kabisa, kumbe umebeba chumvi itakayovuta unyevu ukutani na kutafuna nondo. Kuuchota nako ni kuubomoa ufukwe wenyewe, katika kijiji kilichomo ndani ya Hifadhi ya Bahari tangu mwaka 1995.

Ng'ambo ya maji, kwenye magofu ya Chole na Kua, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa bado zimesimama bila paa. Siombi turudi huko, kwani matumbawe yaliyochomwa tanuuni ndiyo makao ya samaki. Ila chokaa ilimlazimu mtu kungoja: ichomwe, izimwe, iive. Saruji huganda kwa saa chache, nasi tukadhani kila kitu cha ujenzi kinapaswa kwenda mwendo huo.

Siku hizi mwenye nyumba hununua mchanga kwa simu, lori humwaga usiku, na fundi huitwa asubuhi akiukuta umeshalipiwa. Malipo yake ni ya kazi nzima, si ya siku. Akisema tungoje saa 3, anangoja kwa njaa yake; akisema mchanga urudishwe, siku yake imepotea, na jirani yuko fundi mwingine asiyeuliza. Tunawalaumu mafundi lipu ikianguka, hali sisi ndio tuliomnyima yule mmoja aliyejali ujira wa kungoja. Vijana wanaomsaidia mzee huyu wamejifunza kwake kuchanganya, kurusha na kusawazisha. Chupa hawaiombi, kwa kuwa hawajaona hata mara moja mtu akilipwa kwa ajili yake.