Kipimo Kilisema Prosesa, Yeye Akanunua Kadi

Kununua ile kadi ya michoro lilikuwa kosa. Mliokuwa kwenye banda la gemu pale Gongoni Jumamosi mlijionea. Kijana wetu aliendesha kipimo kilichomo ndani ya Shadow of the Tomb Raider, mipangilio ikiwa ya chini, na kompyuta yake ya Core i5-4590 ikatoa wastani wa fremu 38 kwa sekunde. Akasema GTX 1050 Ti yake imezeeka. Jioni hiyohiyo akatuma pesa Mombasa za kununua nyingine.

Turudi kwenye ule ukurasa wa matokeo. Karibu na wastani paliandikwa GPU Bound: 4%. Yaani katika kila fremu mia, ni nne tu zilizocheleweshwa na kadi. Zilizobaki, kadi ilikuwa ikisubiri prosesa iipe kazi. Jibu lilikuwa mbele ya macho yake, akalipita. Na kama hakuuamini mstari huo, angeuhakikisha bila kutoa senti: zima VSync, shusha mwonekano kutoka 1920x1080 hadi 1280x720, kisha rudia. Nukta zinapungua zaidi ya nusu, kwa hiyo kadi ingekuwa ndiyo inayolemewa, fremu zingepanda sana. Jumapili nilirudia mara tatu mwenyewe. Nilipata 38, 39 na 39.

Nimelisema hili miaka nenda miaka rudi: wastani peke yake unaficha mambo. Scott Wasson wa Tech Report alilionyesha mwaka 2011, alipopima kila fremu imechukua milisekunde ngapi badala ya kuhesabu fremu za sekunde nzima. Leo CapFrameX inakuchorea grafu hiyo bure, na bado watu wanasoma namba moja na kukimbilia dukani.



Lakini kwa nini prosesa ilishindwa? Niliacha HWiNFO wazi kipimo kikiendelea. Joto lilifika nyuzi 100, Thermal Throttling ikasoma Yes, na kasi ikashuka hadi GHz 1.9, ilhali kasi ya msingi ya prosesa hiyo ni 3.3. Tukafungua kasha. Banda liko upande wa mabwawa ya chumvi, na vumbi lilikuwa limegandamana kwa unyevu katikati ya mapezi ya kipoza joto, hewa ya feni haipiti. Pasta juu ya prosesa ilikuwa imekauka, inabanduka kama chokaa ya ukuta. Tulisugua kwa brashi ya rangi, tukapaka pasta mpya, tukapima tena kwa 1920x1080 na kadi ileile ya zamani: nyuzi 72, GHz 3.5, wastani wa fremu 61.

Ndugu zangu wa Marereni na Mambrui mnaochanga pesa za kadi, someni kwanza mstari wa GPU Bound, kisha mtazame joto la prosesa kwenye HWiNFO. Pesa zitumwe baadaye.