Lango la Ruta: Namba Ambayo Simu Tayari Inayo

Mtu akiuliza namna ya kuingia kwenye ukurasa wa kuongoza ruta, jibu la haraka mtaani ni 192.168.1.1. Anaiandika, ukurasa unagoma. Anajaribu 192.168.0.1, nayo inagoma, mwisho anampigia fundi. Fundi akifika anaomba simu ya mwenyeji, anagusa mipangilio mara mbili tatu, na ukurasa unafunguka. Alichofanya ni kusoma namba ambayo simu ilikuwa nayo tangu ilipounganishwa.

Simu inapojiunga na waifai, inaomba kupangiwa anwani. Ruta inaipa simu anwani ya kutumia, na papo hapo inaitajia anwani nyingine: lango, yaani mahali pa kupeleka kila kitu kinachokwenda nje ya nyumba. Bila lango simu isingefungua hata ujumbe mmoja. Kwa hiyo kifaa chochote kinachotumia intaneti kupitia ruta kinaijua anwani hiyo, na katika nyumba nyingi ndiyo inayofungua ukurasa wa ruta.

Namba za ndani hazifanani kwa sababu kila mtengenezaji anachagua zake kutoka kwenye mafungu yaliyotengwa kwa mitandao ya ndani na waraka RFC 1918 wa mwaka 1996. Vifaa vingi vya faiba vya Huawei hutumia 192.168.100.1, na ruta zake za laini ya simu 192.168.8.1. MikroTik hutoka kiwandani na 192.168.88.1. Kukariri orodha hii hakusaidii sana, maana aliyefunga ruta anaweza kuwa ameibadilisha.

Kuisoma ni kazi ya nusu dakika. Kwenye iPhone, mtu anafungua `Settings`, kisha `Wi-Fi`, anagusa alama ya i pembeni ya jina la mtandao, na kushuka hadi neno `Router`. Kwenye Android ni karibu vilevile, ila neno ni `Gateway`, na baadhi ya simu huliweka chini zaidi, ndani ya `Advanced`. Zipo simu za zamani zinazoonyesha anwani ya simu peke yake. Ikisomeka 192.168.100.7, lango kwa kawaida ni namba hiyohiyo ikiishia na 1, mara chache 254. Kwenye kompyuta ya Windows kuna amri moja:

```
ipconfig
```

Mstari wa kutazama ni `Default Gateway`. Ukianza na fe80, hiyo ni anwani ya mfumo mpya wa IPv6. Yenye nukta tatu huwa chini yake.

Namba ikishapatikana, iandikwe kwenye mstari wa anwani wa kivinjari ikitanguliwa na `http://`, la sivyo kivinjari kinaweza kuipeleka kwenye utafutaji. Hapa kuna mtego mmoja unaowasumbua wengi, hasa siku ambayo kifurushi cha ruta kimeisha. Simu ikigundua kwamba waifai haina intaneti, inaweza kuhamia data ya laini kimyakimya, huku alama ya waifai ikiendelea kuonekana juu ya kioo. Ombi la kufungua 192.168.8.1 linatoka kwa njia ya laini, na huko hakuna anayelijibu. Dawa ni kuzima data kwa muda, na VPN pia kama ipo, kisha kujaribu upya. Ukurasa wa ruta hauhitaji intaneti wala salio.

Kazi ngumu zaidi iko kwenye nyumba zenye ruta mbili, na mtaani Kiseke nyumba za namna hiyo si haba. Chukua nyumba moja ya kupanga. Kifaa cha faiba kiko sebuleni kwa mwenye nyumba. Vyumba vya uani viko nyuma ya kuta za tofali, na waifai inafika imechoka. Mpangaji mmoja ananunua ruta ya TP-Link, anavuta waya kutoka kifaa cha sebuleni na kuuchomeka kwenye tundu la `WAN` la ruta yake. Mtandao unashika vizuri. Baada ya muda kasi inashuka, mpangaji anahisi majirani wanautumia, na kwa ridhaa ya mwenye nyumba anataka kubadili nywila.

Simu yake inaonyesha lango 192.168.0.1. Anaingia, anabadili nywila, anahesabu vifaa vilivyounganishwa: ni vyake vyote. Lakini kasi haibadiliki. Ameingia kwenye ruta yake, wakati majirani, kama wapo, wameshika waifai ya kifaa cha sebuleni. Simu huujua mlango wa kwanza tu. Wa pili unaonekana kwa kufuata njia kutoka kwenye kompyuta ya Windows:

```
tracert -d -h 3 8.8.8.8
```

Amri hiyo inaorodhesha vituo vitatu vya kwanza ambavyo data inapitia. Kwenye nyumba hii, mstari wa kwanza unasoma 192.168.0.1 na wa pili 192.168.100.1. Huo wa pili ndio kifaa cha faiba. Asiye na kompyuta anaupata ndani ya ukurasa wa ruta yake mwenyewe, sehemu ya hali ya `WAN`, ambako lango la ruta limeandikwa kama lilivyoandikwa la simu. Mara nyingi mpangaji anaweza kuandika 192.168.100.1 akiwa palepale uani na ukurasa ukafunguka, kwa sababu ruta yake hupeleka mbele anwani yoyote isiyo ya kwake.

Isipokuwa pale ruta zote mbili zinapotumia namba zilizofanana hadi nukta ya tatu. Hapo ruta ya uani inadhani anwani iliyotafutwa iko upande wake, na haipeleki ombi popote. Baadhi ya ruta hugundua mgongano huo na kujibadilisha zenyewe, jambo linaloeleza kwa nini kibandiko kilicho chini ya ruta kinaweza kusema 192.168.0.1 na simu ikasema vingine. Ya kuaminiwa ni simu.

Hali inageuka kabisa ruta ya pili ikiwekwa kama kituo cha kurushia waifai tu. Simu iliyoshika mawimbi yake itaonyesha lango la sebuleni, na ruta ya uani haitaonekana kwenye njia hata kidogo. Anwani yake inatafutwa kwenye orodha ya vifaa ndani ya ukurasa wa kifaa cha sebuleni.

Mstari wa tatu wa ile amri nao una habari. Ukianzia 100.64 hadi 100.127, hilo ni fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa matumizi ya ndani ya kampuni za mtandao, na hakuna ukurasa wa mteja hapo. Anwani ikianza na 169.254 kwenye simu au kompyuta yenyewe, kifaa hakikupangiwa kitu chochote na lango litakuwa tupu. Kinachotakiwa ni kuunganisha upya.

Kilichobaki ni jina na nywila ya kuingilia, ambazo si zile za waifai. Huwa kwenye kibandiko, na kwenye vifaa vya faiba mara nyingi mteja hupewa akaunti yenye mamlaka machache: anabadili waifai, lakini mipangilio ya laini inabaki kwa kampuni. Na kwa kuwa kifaa cha sebuleni ni cha mwenye nyumba, mpangaji anayeingia bila idhini yake anagusa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mwingine bila ruhusa, hata kama nywila bado ni `admin`.