Mkato wa Karatasi na Mkato wa Mwandishi

Riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka Ntulanalwo na Bulihwali*, aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, na kwa Kiswahili ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980. Ukiskani kurasa za kitabu cha namna hiyo na kuzigeuza kuwa maandishi, kila mstari unakatika pale ulipoishia upana wa karatasi. Kwenye simu matokeo yake ni mstari mrefu, kipande, mrefu tena, kipande. Na ukitafuta maneno mawili yaliyotenganishwa na mkato, hayapatikani.

Kuunganisha mistari ni rahisi. Kwanza ondoa nafasi zilizobaki mwishoni mwa kila mstari, kwa sababu mstari unaoonekana mtupu huku una nafasi ndani yake hauhesabiwi kuwa mtupu, na aya mbili zitamezana. Kisha geuza kila mkato mmoja kuwa nafasi, ukiiacha mistari mitupu:

```
sed 's/[[:space:]]*$//' ghafi.txt | perl -00 -lpe 's/\n/ /g' > safi.txt
```

Basi, atasema mtu, ufundi uko wapi kama amri moja inatosha? Uko kwenye mikato inayojifanya kuwa ya mwandishi. Tuseme ukurasa umeishia katikati ya sentensi:

```
Wavuvi walipofika ufukweni jua lilikuwa
limekwisha kuchwa, na wanawake wa kijiji

walikuwa wakiwangoja na vikapu.
```

Hilo pengo limeletwa na ukurasa, wala si Kitereza wala mwandishi mwingine yeyote. Dalili zake ni mbili: mstari wa juu hauna nukta, na wa chini unaanza kwa herufi ndogo. Lakini mstari wa chini ukianza na jina la mtu, herufi kubwa inadanganya. Hapo unasoma maana. Hatari ya upande wa pili ni mbaya zaidi. Vitabu vingi huonyesha aya mpya kwa kuingiza mstari ndani kidogo, bila kuruka mstari. Ukiufuta ujongezi huo kabla ya kuweka mstari mtupu juu yake, sura nzima inakuwa aya moja, na hakuna programu itakayoirudisha. Kistari cha mwisho nacho kina mtego: “wavu-” na “vi” ni “wavuvi”, ilhali “Idd-el-” na “Fitr” lazima vibaki na kistari. Nyimbo zilizomo ndani ya hadithi zitolewe kando kabla ya amri kupita, maana huko kila mkato ni wa mtunzi.

Wapo watafiti wanaotaka mistari ibaki ilivyochapwa, ili wanukuu kwa ukurasa na mstari. Wana haki, na ndiyo maana `ghafi.txt` haifutwi. Ila msomaji wa Nansio anayesoma kwenye simu hana haja na upana wa karatasi ya 1980. Anahitaji kujua mwandishi alipumzika wapi. Kwa hiyo muda mwingi utumike kwenye mistari ya mwanzo wa kila ukurasa, kitabu cha karatasi kikiwa wazi kando ya skrini.