Toa kimoja, agiza kimoja

Bolti na filta hutoka stoo kila siku, na mtunza stoo huzijua kwa mazoea. Starta jenereta ya ndege ndogo ya abiria haizoeleki hivyo. Kifaa hiki huwasha injini, kisha hugeuka kuzalisha umeme. Chaweza kuombwa leo na kesho, halafu miezi ikapita bila mtu kukiulizia. Kukirundika ni kufunga fedha nyingi rafuni, na kukikosa ni kuilaza ndege chini. Wanaojua kupanga akiba ya kifaa cha namna hii wana ufundi ambao sichoki kuutazama.

Kanuni yao ni fupi: toa kimoja, agiza kimoja. Huchagua idadi moja, tuiite S, na kila kifaa kinapotoka, oda ya kingine huondoka siku hiyohiyo. Hawangoji oda zifike nyingi, kwa sababu gharama ya kuagiza ni ndogo sana mbele ya bei ya kifaa chenyewe. Kwa hiyo, maadamu hakuna ndege inayongoja, vilivyo rafuni ukijumlisha na vilivyo njiani ni S daima.

Uzuri wa kanuni umo hapo. Ukitaka kujua kama fundi atakikuta kifaa rafuni, uliza ni vingapi viko njiani. Oda ikichukua miezi 2 kufika, vilivyo njiani leo ni vile vilivyoombwa katika miezi 2 iliyopita. Na maombi yanapotoka kwenye injini nyingi, kila moja ikiwa na uwezekano mdogo wa kuharibika bila kungoja mwenzake, idadi yake hufuata mgawanyo ambao Mfaransa Siméon Denis Poisson aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1837. Mgawanyo huo hudai kitu kimoja tu, yaani wastani.

Tuchukue mfano. Kampuni huhitaji starta jenereta 6 kwa mwaka, na oda huchukua miezi 2. Wastani wa vilivyo njiani ni 1. Uwezekano wa kutokuwa na chochote njiani ni 0.368. Ili kupata uwezekano wa kimoja, zidisha kwa wastani, gawanya kwa 1: ni 0.368 tena. Matokeo hayo zidisha kwa wastani, gawanya kwa 2, upate uwezekano wa viwili: 0.184. Endelea hivyo, vitatu ni 0.061. Kikokotoo cha mkononi kinatosha.

Sasa wakubwa wamesema: fundi akija, akikute kifaa mara 95 katika 100. Atakikuta ikiwa vilivyo njiani ni pungufu ya S, japo kwa kimoja. Jumla ya uwezekano wa 0, 1 na 2 ni 0.92, kwa hiyo S ya 3 haitoshi. Ukiongeza uwezekano wa 3 jumla inafika 0.98, na jibu ni S ya 4. Wengi hukosea papa hapa: huihesabu 3 yenyewe ndani ya jumla, wakaridhika na S ya 3. Wamejibu swali jingine, la kwamba hakuna ndege inayongoja kwa sasa, na fundi atakayekuja akakuta vitatu viko njiani atakuta rafu tupu.

Mpangaji hodari haishii kwenye asilimia. Huzigeuza ziwe miaka. Kwa S ya 3, kifaa kitakosekana takriban mara 1 kila miaka 2. Kwa S ya 4, mara 1 katika miaka karibu 9. Mwenye fedha akisikia hivyo anajua kifaa cha nne kinamnunulia nini, naye anaweza kuamua kama bei yake inastahili.

Msweden Conny Palm, aliyechunguza msongamano wa simu, alitoa mwaka 1938 hoja inayoipa hesabu hii nguvu: muda wa kila oda ukiwa hautegemei wa nyingine, wastani wa muda unatosha, hata kama oda moja hufika mapema na nyingine ikachelewa. Lakini wastani huo uwe wa kweli. Ukirefuka hadi miezi 3, S ya 4 inashuka hadi 0.93, na lazima ununue cha tano.

Mahali hesabu inapovunjika, daftari la stoo huonyesha. Hesabu maombi ya kila mwezi, kisha utafute wastani na varianzi yake. Kwa Poisson, viwili hivyo hukaribiana. Varianzi ikizidi sana, huenda mafundi wanabadilisha vifaa vya injini zote mbili kwa pamoja, na S iliyopatikana ni ndogo mno. Ikipungua sana, huenda vifaa vinatolewa kwa ratiba ya saa za kuruka, na hivyo viagizwe kwa kalenda. Na fundi aking'oa kifaa kwenye ndege iliyolala ili kuiokoa nyingine, ombi hilo nalo liandikwe. Lisipoandikwa, wastani utashuka, S itapunguzwa, na uhaba utaongezeka huku karatasi zikionyesha kuwa hakuna anayehitaji.