Imla iliyokatizwa: kosa la Du Paty

Kesi ya Dreyfus mnaijua, kwa hiyo sirudii hadithi. Ninachotaka kukichambua ni ile imla ya asubuhi ya tarehe 15 Oktoba 1894, Paris, kwa sababu iliharibiwa na mtu aliyeshika usukani.

Meja Du Paty de Clam alianza vizuri: alijifunga kidole akidai kimeumia, akamwomba Dreyfus amwandikie barua, na maneno ya waraka ulioibwa, ambao Dreyfus alishukiwa kuuandika, akayaingiza katika barua hiyo bila kumwonyesha waraka wenyewe.

Kisha akavuruga kila kitu. Mistari michache tu imeandikwa, anamkatiza: unatetemeka! Dreyfus akajibu kwamba vidole vyake vina baridi. Imla ikaendelea kidogo, halafu Du Paty akasimama na kumkamata kwa uhaini. Hapo ndipo ninapomlaumu. Sampuli huchukuliwa ili mwandiko ulinganishwe, si ili hofu ipimwe. Ukimshtua mwandishi katikati ya sentensi, kila herufi inayofuata imeandikwa na mkono wa mtu aliyetishwa, na hakuna mtaalamu atakayejua kipi ni tabia yake na kipi ni mshtuko. Tena karatasi yenyewe haikuonyesha mtetemo wa maana. Amri ya kumkamata ilikuwa imekwisha kutolewa kabla ya kalamu kugusa wino, kwa hiyo hakuna namna ambavyo imla hiyo ingemwokoa.

Nimekuwa nikisema siku zote, na nitasema tena: fungu moja halitoshi. Hakuna anayeandika herufi ileile sawasawa mara mbili. Ukiwa na karatasi moja huoni upana wa mabadiliko ya mkono huo, na tofauti ndogo na waraka unaoshukiwa utaipa maana yoyote unayoitaka. Albert Osborn, Mmarekani aliyeandika kitabu chake kikuu mwaka 1910, alikuwa bingwa wa jambo hili: soma maneno kwa sauti, usimsaidie tahajia, ondoa kila karatasi ikikamilika, rudia fungu lilelile, tumia kalamu na karatasi za aina moja na za waraka. Anayejaribu kuficha mwandiko wake huchoka, na tabia zake hujitokeza katika marudio ya baadaye. Du Paty hakumpa Dreyfus nafasi hiyo asubuhi ile.

Gobert, mtaalamu wa Benki ya Ufaransa, alikuwa amekwisha kuonya kwamba huenda waraka umeandikwa na mtu mwingine. Hakusikilizwa, akasikilizwa Bertillon, aliyesema mwandiko ni wa Dreyfus.

Mwaka 1896 Kanali Picquart alipata barua mbili za afisa mwingine, Esterhazy, za kuomba kazi, zilizoandikwa bila mtu kusimama juu yake. Aliziweka kando ya waraka, akaona ni mkono uleule. Hata Bertillon alipoonyeshwa mwandiko huo aliutambua.