Feni Imezunguka, Lakini Pawasaplai Ni Mbovu

Kompyuta ya mezani ya stationari moja ya Mkuyuni ililetwa kwangu Morogoro mjini na hukumu yake tayari: mazabodi imekufa. Fundi wa kwanza alikuwa ameichomoa pawasaplai, akaiwasha kwa klipu ya karatasi na feni ikazunguka. Kwa hiyo, akasema, umeme upo, ubovu uko mbele. Mwenye mali alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya mazabodi.

Klipu ile hufanya kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Pawasaplai ya ATX ina plagi kubwa ya matundu 24, na humo waya wa kijani ni mmoja tu, tundu la 16. Ukishachomeka kwenye soketi ya ukutani na kuwasha swichi ya nyuma, sehemu moja ya pawasaplai huwa macho muda wote: ndiyo inayotoa volti 5 kwenye waya wa zambarau, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Waya wa kijani nao unakaa na volti zake, ukisubiri. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, mazabodi inauvuta ule wa kijani hadi sifuri, na pawasaplai nzima inaamka. Klipu inayounganisha kijani na mweusi wa jirani inafanya hivyo hivyo. Mkondo unaopita hapo haufiki miliampia 2, ndiyo maana klipu haipati hata joto.

Feni ikizunguka, basi, umejua kwamba sehemu ya kusubiri iko hai, amri ya kuwaka imesikika, na volti 12 zimepatikana kiasi cha kuzungusha feni inayokula wati mbili tatu. Ni jibu la maana, lakini ni dogo. Na isipozunguka usiizike pawasaplai haraka, kwani zipo za kisasa ambazo feni zake hulala mpaka joto lipande, na za zamani zinazogoma kuwaka bila mzigo.

Nilirudia jaribio lile lile, safari hii nikiwa na multimita. Bila mzigo, waya wa njano ulisoma 12.2, mwekundu 5.1. Hapo ningekubaliana na mwenzangu. Kisha nikazima, nikachomoa, nikafunga mzigo: hadi diski chakavu isiyo na data ya mtu, na balbu ya taa kubwa ya bodaboda, volti 12 wati 35, kati ya njano na mweusi. Hadi diski niliiweka ili mwekundu nao ubebe kitu, maana pawasaplai nyingi za zamani hupoteza mizani ukilemea njano peke yake. Nilipowasha, balbu ikang'aa, halafu ikafifia. Njano ikashuka hadi 10.9. Kiwango kinaruhusu asilimia 5 tu juu au chini, yaani isipungue 11.4. Waya wa kijivu, ambao pawasaplai hutumia kuiambia mazabodi kwamba umeme umetulia, haukupanda kabisa. Ulipaswa kukaribia volti 5. Mazabodi isiyopata habari hiyo haianzi. Nilipofunga pawasaplai nyingine, kompyuta ya Mkuyuni iliwaka mara moja.

Hata balbu ina mipaka. Multimita haionyeshi mawimbi madogo yanayopanda juu ya volti, yale yanayoifanya kompyuta ijizime katikati ya kazi. Hayo yanataka osiloskopu. Wala wati 35 si sawa na kompyuta inayovuta 200.

Sasa usalama. Chomeka klipu kabla ya kuchomeka ukutani, kamwe si baada, na ivishe selotepu ya umeme. Pawasaplai iwe imetolewa kwenye mazabodi na vifaa vyote vya kazi. Klipu ikikosea tundu ikagusa njano au chungwa na mweusi, umepiga shoti. Pawasaplai nzuri itajizima, ya bei rahisi inaweza kutoa moshi. Waya zikiwa zote nyeusi, au kompyuta ikiwa na plagi ya kampuni yake isiyo ya ATX, usikisie rangi wala nafasi bila mchoro wake. Ile swichi nyekundu ya nyuma, kama ipo, isomeke 230. Ikiwa kwenye 115, pawasaplai itapasuka kwa umeme wetu. Na usifungue kasha. Kapasita kubwa za ndani hubeba karibu volti 325, na hubaki nazo hata plagi ikishatoka ukutani.

Pawasaplai ile nimeiandikia MBOVU kwa makapeni, iko chini ya meza yangu. Ukiiwekea klipu leo, feni itazunguka.